Karatasi ya Mwalimu na Krismasi ya Leipzig

Kila Desemba mwalimu wetu hubandika karatasi mlangoni mwa chumba cha mazoezi. Kwanza hutushukuru kwa jioni tulizojitolea, kisha hutaja tutaimba wapi na siku gani katika sikukuu. Mimi kama katibu ndiye huipiga chapa, na nimeona niwasimulie karatasi nyingine kama hiyo, ya miaka mingi iliyopita.

Krismasi ya 1734, waumini wa Leipzig, Ujerumani, walipata kijitabu cha maneno ya Oratorio ya Krismasi ya Johann Sebastian Bach. Kilionyesha siku, kanisa, na kama ni asubuhi au alasiri. Oratorio hiyo ina sehemu sita. Sehemu ya kwanza iliimbwa tarehe 25 Desemba, asubuhi katika Kanisa la Mtakatifu Nikolaus, alasiri katika la Mtakatifu Thomas. Kesho yake makanisa yakabadilishana zamu. Sehemu ya tatu na ya tano ziliimbwa mara moja tu, zote kwa Mtakatifu Nikolaus. Kufikia tarehe 6 Januari 1735 walikuwa wameimba mara kumi kwa siku sita. Sisi tukiimba mara mbili kwa siku moja, besi huanza kulalamika!

Walipata wapi nafasi ya kujiandaa? Desturi ya Leipzig iliwasaidia: baada ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, muziki mkubwa wa vyombo ulinyamaza kanisani mpaka Krismasi. Bach naye hakutunga kila kitu upya. Wimbo wa kwanza aliutoa katika kazi aliyomwandalia malkia mwaka 1733, akabadilisha maneno. Maneno ya zamani yaliziita ngoma na tarumbeta zilie, ndiyo sababu hata leo wimbo huo huanza na ngoma peke yake.

Shukrani kwa waimbaji ndiyo sijaiona. Agosti 1730 Bach aliuandikia uongozi wa mji kuhusu wavulana wa Shule ya Mtakatifu Thomas, waliotakiwa kuhudumia makanisa manne. Aliwapanga wote 54: 17 wanafaa, 20 bado, 17 hawafai kabisa. Kwa kila kwaya alitaka angalau watu 12, yaani watatu kwa kila sauti, ili mmoja akiugua wawili wabaki. Afadhali wanne, alisema, wawe 16. Nilipolisoma hilo nilikumbuka Krismasi ambayo tena wetu wawili walipatwa na mafua, na aliyebaki akaimba peke yake akitetemeka.

Karatasi ya mwaka huu iko tayari. Mwalimu anawashukuru nyote, hasa alto kwa kufika mapema. Tutaimba mkesha wa tarehe 24, ibada ya asubuhi tarehe 25, na mkesha wa Mwaka Mpya. Tena, tafadhali mje wanne.