Vipele Sugu vya Mwasho: Maana ya Prurigo kwa Mwenye Virusi vya UKIMWI

Neno prurigo lina asili ya Kilatini, na mzizi wake ni kitenzi chenye maana ya kuwasha. Nao matabibu wa Ulaya wa karne ya 19, ambao mashuhuri miongoni mwao ni Ferdinand von Hebra wa Vienna, walilihusisha na vipele vigumu ambavyo humnyima mgonjwa usingizi, vikakunwa mpaka vikatoa damu, vikakauka na kuacha makovu meusi, kisha vingine vikachipuka kando yake. Sisi hatuna upungufu wa majina ya maradhi ya ngozi, lakini kila jina tulilo nalo limekwisha kukaliwa na ugonjwa wake. Upele, kwa watu wa pwani na kwa wengi wa bara, ni ule uletwao na kidudu kichimbacho ngozini na kuambukiza nyumba nzima. Harara ni vipele vya joto, ambavyo huja na kaskazi na kuondoka hali ya hewa inapopoa. Ukurutu ni ngozi iliyokauka na kupasuka, pengine ikitoa maji. Kwa sababu hiyo naona istilahi iliyo salama ni vipele sugu vya mwasho, ingawa ni ndefu, kwa kuwa mgonjwa aambiwaye kwamba ana upele hupewa dawa ya upele, na dawa hiyo haimfai kitu.

Vipele hivi vilikuwapo tangu mwanzo wa msiba wa UKIMWI. Mwaka 1985, matabibu wa Uganda pamoja na wenzao wa nje walipoandika katika jarida la Lancet habari za maradhi mapya ya kukonda yaliyozuka Rakai na Masaka, walitaja, pamoja na kuhara na kupungua mwili, vipele vya mwasho katika ngozi za wagonjwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo hapakuwa na aliyejua bayana sababu yake: wengine walidhani ni virusi vyenyewe vilivyoingia ngozini, wengine wakashuku bakteria, na wengine dawa. Ndipo mwaka 2003 wataalamu wakachukua vipande vidogo vya ngozi kwa wagonjwa 102 nchini Uganda, wakivitoa katika vipele vichanga ambavyo havijakunwa, na walipovitazama kwa darubini wakaona kwamba 86 kati yake vilikuwa na alama zilezile zionekanazo palipoumwa na mdudu. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2004, na tangu hapo rai yenye nguvu ni kwamba mbu, au kiroboto, au mdudu mwingine humwuma mgonjwa kama amwumavyo jirani yake, ila kinga ya mwili iliyovurugika hulijibu umo hilo kwa ghadhabu isiyo na kiasi, na pahali ambapo jirani angewashwa kwa saa moja, yeye hubaki na kipele kwa wiki nyingi. Katika wagonjwa wale, idadi ya wastani ya chembe za CD4, ambazo ni askari wa kinga, ilikuwa 46 tu katika kila milimita ya ujazo ya damu, na mtu mwenye afya aghalabu huwa na zaidi ya 500. Basi vipele hivi, ijapokuwa havimwui mtu, ni shahidi wa kinga iliyoshuka sana.

Natutwae mfano, ambao si wa mgonjwa mmoja bali ni sura ya wengi. Mama wa miaka 36, mkulima wa mpunga, amewashwa mikono na miguu kwa miezi minane. Mara tatu amenunua dukani dawa nyeupe ya kupaka ya benzili benzoeti, akajipaka mwili mzima kama alivyoagizwa, akachemsha nguo na shuka, na mara zote tatu mwasho umerudi; wala mumewe wala watoto wanaolala naye kitanda kimoja hawawashwi. Tabibu mwenye hekima hapa hatampa chupa ya nne. Atamwuliza nani mwingine nyumbani anajikuna, kisha atatazama katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kitovu, na kwa idhini yake sehemu za siri, maana huko ndiko kidudu cha upele kipendako kuchimba vijia vyake. Kwa mama huyu pote huko ni safi, na viganja na nyayo ni safi pia. Vipele vimo nje ya mikono, juu ya miundi, na mgongoni karibu na kiuno, vimelingana upande wa kulia na wa kushoto. Vingine vingali vigumu na vyekundu-vyeusi, vingine vimepasuliwa vichwa kwa kucha, na baina yake yametapakaa makovu meusi ya miezi iliyopita. Kisha atamwomba afungue kinywa, na akikuta juu ya ulimi utando mweupe unaobanduka ukikwanguliwa, shaka itakuwa imekaribia kuisha, nalo jambo la kwanza ni kupima damu. Tuseme amepimwa, akaonekana ana virusi, na chembe zake za CD4 ni 62.

Dawa halisi ya vipele vyake, basi, si ya kupaka. Ni dawa za kufubaza virusi, ambazo siku hizi aghalabu hukusanywa katika kidonge kimoja chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia, kinachomezwa mara moja kwa siku. Lakini kwa mtu mwenye kinga ya kiasi hiki, tabibu atachunguza kwanza kama kuna kifua kikuu, na atapima damu kutafuta dalili za kuvu aitwaye kriptokoka, kwa sababu maradhi hayo yakiwa yamejificha, kinga inapoamka ghafla huweza kuyachochea yakawa hatari kuliko yalivyokuwa. Ama mwasho wenyewe hutulizwa kwa kidonge cha klofeniramini cha miligramu 4 wakati wa kulala, kwa mafuta mazito yasiyo na manukato baada ya kuoga, na kwa krimu ya betamethazoni ya asilimia 0.1, ambayo hupakwa juu ya vipele vya mikono na miguu, wala si usoni, kwa muda wa wiki mbili au zaidi kidogo. Chandarua chenye dawa, ambacho wengi hukihesabu kuwa ni cha malaria tu, hapa ni sehemu ya tiba ya ngozi.

Ni wajibu kumweleza mama huyu ukweli wa muda. Wiki za mwanzo za dawa, vipele huweza hata kuzidi, kwa kuwa kinga inayorejea hujifunza upya kupambana; na wengi huanza kuona nafuu ya dhati baada ya miezi kadhaa. Makovu hukaa zaidi ya hapo. Mgonjwa asiyeambiwa haya hudhani kwamba dawa za virusi ndizo zimemdhuru, akaziacha, na hasara ya kuziacha haina kifani.

Sasa lipo kosa moja ambalo nimeona lifaa kuelezwa kwa kituo, kwa sababu huzaliwa na tiba yenyewe. Krimu ya betamethazoni hutuliza mwasho wa kila namna, hata ule usiostahili kupewa krimu hiyo. Mama yule, alipoona miguu imepoa, alipaka krimu iliyobakia juu ya doa lililokuwa likimwasha kinenani, nalo lilikuwa ni choa, yaani kuvu wa ngozi. Choa kisichoguswa hujulikana kwa umbo lake: ni duara ambalo ukingo wake umeinuka, una magamba na vipele vidogo, na katikati pameanza kupona. Kikipakwa krimu ya namna hii, mwasho hupungua, ukingo hufifia, magamba hupotea, na kuvu, akiwa amenyang'anywa adui yake, hutambaa mpaka mapajani na matakoni bila umbo la kutambulika. Krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa sokoni, ambazo nyingi zina dawa za jamii hiyohiyo na kali zaidi, huleta msiba uleule.

Njia ya kuhakikisha ni nyepesi, na hata zahanati yenye darubini huiweza: krimu husimamishwa kwa siku kadhaa mpaka magamba yarudi, kisha ukingo wa doa hukwanguliwa kwa ubapa wa kisu butu, vumbi lake huwekwa kwenye kioo pamoja na tone la KOH ya asilimia 10, na baada ya dakika chache chembe za ngozi huyeyuka, zikabaki nyuzi za kuvu zenye matawi. Doa dogo hutibiwa kwa krimu ya tabinafini ya asilimia 1 kwa wiki mbili, nayo hupakwa kuvuka ukingo wa doa, si katikati tu. Lakini mapunye ya kichwani na kuvu wa kucha hawafikiwi na krimu. Hao huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki nyingi. Na kucha inayoanza kuwa nyeupe shinani, kule inakotokea kwenye nyama, badala ya nchani ambako kuvu huanzia kwa watu wengi, ni dalili ya kinga iliyoshuka, nayo peke yake yatosha kumfanya tabibu aulize habari ya kipimo.

Kuna vipele ambavyo havistahili kungojwa. Vipele visivyowasha, vyenye kishimo katikati, vikizuka usoni na shingoni kwa mtu mwenye homa na maumivu ya kichwa yasiyokoma, huenda ni kriptokoka aliyekwisha kuenea mwilini na kufika katika utando wa ubongo, na siku hiyohiyo mgonjwa apelekwe hospitali. Mabaka ya zambarau, ambayo katika ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliozidi, yasiyowasha, yakiwa mguuni pamoja na uvimbe au juu ya kaakaa, ni ya kutazamiwa saratani ya Kaposi. Na mtu aliyeanza kotrimoksazoli au dawa nyingine katika wiki chache zilizopita, akatokwa na vipele pamoja na homa, malengelenge, macho mekundu na vidonda vya kinywa, asimeze kidonge kingine cha dawa hiyo, bali akimbizwe kwa tabibu, kwani ngozi yake yaweza kubambuka.

Imebakia hali moja, ambayo huja kimya. Mama wa mfano wetu amemeza dawa miaka mitatu, ngozi imetakata, kisha vipele vilevile, mahali palepale, vinaanza upya. Yawezekana ni mbu wengi wa masika. Lakini tabibu asiridhike na jibu hilo kabla ya kupima wingi wa virusi katika damu. Ukizidi nakala 1,000 katika mililita moja, humwuliza kwa upole, pasipo kumshutumu, kama kuna vidonge vilivyopita bila kumezwa na kilichosababisha, humsaidia kurekebisha umezaji, na kipimo hurudiwa baada ya miezi mitatu. Na kikibaki juu ilhali vidonge vinamezwa sawasawa, hapo ndipo hufikiriwa kubadilisha dawa.