Gemu, Skrini Mbili na Deni la Mwaka 1998

Mwenye skrini mbili mezani anaijua kero hii: ameketi mbele ya skrini kubwa, gemu inafunguka kwenye ndogo ya pembeni. Au imefunguka panapostahili, lakini kipanya kinateleza hadi skrini ya pili, kinabofya huko, na gemu inajikunja ghafla.

Chimbuko la kero ya kwanza ni Windows 98, iliyoingia sokoni Juni 1998 ikiwa na uwezo wa kuendesha hadi skrini 9. Zote zilipangwa kwenye ramani moja, na moja ikafanywa kuu: kona yake ya juu kushoto ndiyo nukta 0,0. Iliyo kushoto kwake huhesabiwa kwa namba hasi. Lakini waandishi wengi wa gemu waliendelea kufanya kazi kana kwamba skrini ni moja tu, na gemu iliyoagizwa kufunguka 0,0 huenda kwenye skrini kuu, popote mchezaji alipoketi.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kubadili skrini kuu: fungua Settings, System, kisha Display, chagua skrini unayotaka na uweke alama kwenye "Make this my main display". Usipopenda kuhamisha kila kitu, Windows 7 ya mwaka 2009 ilileta njia ya mkato: Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia huhamisha dirisha zima. Gemu nyingi zilizotengenezwa kwa Unity nazo hutii agizo hili, likiandikwa kwenye Launch Options za Steam:

```
-monitor 2
```

Kero ya pili inatokana na namna gemu za zamani zilivyomiliki skrini. Zilipojaza skrini, ziliishika peke yake ili zipate kasi. Mchezaji akibofya kwingine, gemu hulazimika kuiachia, ndiyo maana hujikunja. Kwenye mipangilio ya gemu, chagua "Borderless": sasa ni dirisha la kawaida lisilo na fremu, na hubaki wazi hata ukibofya pembeni.

Hapo huzuka tatizo jingine, maana kipanya kinaweza kutoka katikati ya pambano. Windows ina agizo la kukifungia ndani ya dirisha, `ClipCursor`, lakini gemu yenyewe ndiyo hulitoa, na inapaswa kulirudia kila mchezaji anaporejea. Isiporudia, kipanya huwa huru. Tafuta mpangilio wa kufunga kipanya ndani ya gemu.

Na kama gemu inaonekana lakini vitufe havisikii, ilhali hukubofya popote, basi huenda programu nyingine imejitokeza mbele na kujitwalia vitufe. Funga zinazoendeshwa nyuma, moja baada ya nyingine. Ile ambayo kero inakoma ikifungwa ndiyo mhusika.