Mara Tatu, Si Tatu Nukta Mbili
Tivi ya kwanza niliyochezea gemu ilikuwa nene, yenye mgongo, kwenye kibanda fulani Makina, Kibera. Mashine ilikuwa nakala ya bei rahisi ya Famicom, ile iliyotolewa na Nintendo huko Japani mwaka 1983. Picha yake ilikuwa pikseli 256 kwa 240 tu, na hakuna aliyelalamika. Tivi zile hazikuwa na pikseli zilizopangwa kwa hesabu. Mwale wa elektroni ulichora mstari baada ya mstari, na kioo kikiwa kikubwa, mistari ilitanuka nacho.

Shida ililetwa na tivi bapa, ambazo pikseli zake haziongezeki wala kupungua. Binamu yangu alifungua kibanda cha gemu Kawangware, akaweka zile gemu za zamani kwenye kompyuta, akaiunganisha na tivi ya pikseli 1366 kwa 768. Siku ya kwanza tu: "Bro, mbona picha ina ukungu?"

Akaniita mimi, kwa sababu niliwahi kusoma kompyuta chuo kabla sijaacha. Tukapiga hesabu: 768 ukigawa kwa 240 unapata 3.2. Ili kuziba ile nukta mbili, programu ilikuwa inachanganya rangi za pikseli zilizo jirani, ndio maana kingo zikafifia. Nikazima uchanganyaji, kila pikseli ya tivi ichukue rangi ya pikseli moja tu ya gemu, ile iliyo karibu zaidi. Ukungu ukaisha. Lakini sasa katika kila mistari mitano ya gemu, minne ilipata unene wa pikseli 3 na mmoja ukapata 4. Picha ikitulia huwezi kugundua. Shujaa akianza kutembea, uso wake unanenepa na kukonda, na matofali ukutani yanatetemeka.

Dawa ni kuacha ile nukta. Zidisha kwa 3 kamili, kila pikseli iwe mraba wa 3 kwa 3. Kwenye RetroArch unawasha `Integer Scale`. Picha moja ya kuchapisha unaikuza hivi:

```
magick shujaa.png -sample 300% kubwa.png
```

Hata Intel na Nvidia waliweka chaguo hili kwenye programu za kadi zao mwaka 2019 tu, baada ya wachezaji kuliomba sana.

Ina gharama yake. Picha inakuwa 768 kwa 720, kwa hivyo weusi unabaki: pikseli 24 juu na 24 chini, 299 kila upande. Pia tivi za zamani ziliivuta picha kidogo kwa upana, kwa hivyo shujaa wetu sasa anaonekana amekonda.

"Wateja watasema tivi yangu ni ndogo," binamu akanung'unika.

Tukaiacha hivyo wikendi moja. Jamaa mmoja aliuliza kweli mbona tivi haijajaa. Kisha akatoa mbao, akaketi, akaruka shimo la kwanza bila kukosea. Hakuuliza tena.