Uvumi kuhusu chanjo ya HPV: Jinsi ya kuujibu bila kuusambaza

Sauti iliyorekodiwa imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: eti mabinti wakichanjwa HPV hawatazaa. Unajua si kweli. Unajibuje?

Kwanza, angalia imefika wapi. Kama ni mzazi mmoja tu kakuuliza faragha, mjibu yeye pekee. Ukiipeleka kwenye kundi lote "ili kuwatahadharisha", unawafikishia watu ambao hawakuwahi kuisikia. Ikiwa tayari imeenea kundini, kunyamaza hakusaidii. Jibu hapo hapo.

Kosa la kawaida ni kuandika hivi: "SI KWELI kwamba chanjo inaleta ugumba!!!" Msomaji mwenye haraka anabaki na maneno mawili, chanjo na ugumba. Tena hukumwambia ukweli ni upi.

Anza na ukweli, taja uvumi mara moja tu kwa maneno yaliyopoa, eleza kwa nini si sahihi, halafu malizia na ukweli. Mfano:

"Habari zenu wazazi. Chanjo ya HPV inawakinga mabinti dhidi ya virusi vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Kuna uvumi unapita kuhusu uzazi, lakini si sahihi. Ndani ya chanjo kuna protini inayofanana na ganda la nje la kirusi. Haina kirusi hai, na haina homoni. Kinachoweza kumzuia mwanamke kuzaa ni saratani yenyewe, maana matibabu yake wakati mwingine hulazimu kuondoa kizazi. Kwa hiyo chanjo inasaidia kuulinda uzazi. Mwenye swali amuulize muuguzi wa chanjo kituoni."

Ona kwamba neno "ugumba" halipo kabisa. Pia hofu ya mzazi, yaani uzazi wa binti yake, imejibiwa moja kwa moja badala ya kudharauliwa.

Usiifowadi ile sauti, hata ukiongeza "msiamini hii". Onyo lako linabaki kwako, sauti inaendelea na safari peke yake. Kama ni lazima uonyeshe picha ya ujumbe, andika UONGO kwa herufi kubwa juu ya picha yenyewe, siyo pembeni.

Je, kutaja uvumi hata mara moja ni hatari? Hapana. Usipoutaja kabisa, watu hawajui unajibu nini. Shida ni kuurudiarudia na kuupeleka ambako haujafika.

Utajuaje umekosea? Watu wakianza kuuliza "uvumi gani tena huo?", jibu lako limeenda mbali kuliko uvumi wenyewe. Wakiuliza "chanjo inatolewa lini?", wameshika kilicho muhimu.