Maandishi juu ya picha

Kuandika juu ya picha bila kupoteza usomekaji ni ufundi. Chukua bango lenye vilima vya Kibakwe, wilayani Mpwapwa, wakati wa kiangazi: juu anga jeupe, chini nyasi kavu. Herufi nyeupe zikiwekwa angani hupotea. Utando mweusi huziokoa. Penye weupe mtupu, utando wa asilimia 54 hufikisha uwiano wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa na mwongozo wa WCAG kwa maandishi madogo, lakini picha nayo hufifia. Kivuli laini nyuma ya herufi hutenganisha kingo tu. Kwenye michirizi ya nyasi hakitoshi. Bora kuyahamishia maandishi kwenye ubavu wa kilima wenye kivuli, ambako utando mwepesi hutosha. Pima daima penye doa angavu kuliko yote.