Kistari kilichoigawa Chekoslovakia

Tarehe 23 Januari 1990, Rais Václav Havel alisimama mbele ya Bunge la Shirikisho mjini Praha akapendekeza sifa ya "kijamaa" iondolewe kwenye jina la nchi. Alitarajia hoja ipite upesi, kwani utawala wa Wakomunisti ulikuwa umeanguka majuma machache tu kabla. Lakini wabunge wa Kislovakia walitaka zaidi: jina liandikwe Česko-Slovensko, si Československo. Mvutano huo ukaitwa Vita vya Kistari.

Kwa tahajia ya Kicheki na Kislovakia, sifa mbili zikiandikwa pamoja huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Zikiwekewa kistari kati yake, huwa ni vitu viwili vyenye hadhi sawa, kama kamusi ya Kicheki na Kislovakia inavyoandikwa *česko-slovenský slovník*. Waslovakia waliijua vizuri tofauti hiyo. Makubaliano ya Pittsburgh ya 1918, yaliyotangulia kuundwa kwa nchi, yalitumia kistari. Katiba ya 1920 ikakifuta na kutaja "taifa la Kichekoslovakia" kana kwamba wao hawakuwa taifa. Kukirudisha kulikuwa kutambuliwa.

Wacheki nao walikuwa na jeraha lao. Kistari kilirudi katika sheria Novemba 1938, baada ya Mkataba wa Munich kumpa Hitler maeneo ya mpakani. Miezi minne baadaye nchi ilisambaratika. Kwao, alama hiyo ilikuwa ya maangamizi.

Tarehe 29 Machi 1990, Bunge lilipitisha sheria ya kikatiba namba 81 kama suluhu: jina liandikwe bila kistari kwa Kicheki, na kwa kistari kwa Kislovakia. Hapo ndipo kosa la uandishi wa sheria lilipojitokeza. Sheria ilikuwa moja, lakini ilijibu swali la msingi kwa njia mbili: kwa Kicheki nchi ilikuwa kitu kimoja, kwa Kislovakia viwili. Waslovakia wengi walikasirika.

Majuma matatu baadaye, tarehe 20 Aprili, sheria namba 101 ilikiacha kistari na kuweka neno: Jamhuri ya Shirikisho ya Cheki *na* Slovakia. Hata hapo herufi zilileta tabu. Kanuni za tahajia zilitaka neno la kwanza tu lianze kwa herufi kubwa, na Slovakia ingebaki na herufi ndogo. Bunge likaamua maneno yote makuu ya jina yaanze kwa herufi kubwa, kinyume cha kanuni hizo.

Neno "na" lilimaliza ugomvi wa jina, si ugomvi wa madaraka na fedha kati ya jamhuri hizo mbili. Tarehe 25 Novemba 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kulivunja shirikisho, na mwaka ulipokwisha nchi ikagawanyika kwa amani. Somo kwa waandishi wa sheria ni hili: alama ambayo pande mbili zinaisoma kwa maana zinazopingana haifai kubebeshwa uamuzi. Uamuzi huo ufanywe kwanza, kisha uandikwe kwa maneno.