Ukuta Unaopumua: Chokaa na Saruji Katika Majengo ya Kale

Kila maadhimisho yanapokaribia, husikika ushauri kwamba kuta za zamani zipigwe lipu ya saruji ili zionekane mpya. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, historia ya ujenzi wa pwani yetu yatufundisha kuupima kabla ya kuufuata.

Tuutazame Mji Mkongwe wa Unguja. Mbele ya bandari lasimama jengo ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1887 kwa ajili ya Tharia Topan, mfanyabiashara mashuhuri mwenye asili ya Kihindi. Yeye alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Baadaye likajulikana kama Zahanati ya Kale. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilichakaa, mpaka lilipokarabatiwa katika miaka ya 1990. Kuta za mji huo ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na humo ndimo somo letu lilimo.

Wazee wa pwani walipata chokaa kwa kuchoma matumbawe. Walipanga magogo duara, wakaweka mawe juu yake, kisha wakatia moto. Tanuu hilo hulifukuza kutoka katika jiwe lile lile gesi ya hewa ukaa. Mawe yaliyochomwa yakizimwa kwa maji huwa chokaa laini, nayo ikichanganywa na mchanga na kujengewa, huivuta tena hewa ukaa kutoka angani na kurudi polepole kuwa jiwe. Kukauka kwake si kwa siku chache kama saruji. Huanzia nje na kwenda ndani, na ndani ya ukuta mnene huweza kuchukua miaka mingi.

Ugumu wa chokaa ni mdogo kuliko wa jiwe, na huo ndio uzuri wake. Ukuta unapotikisika au kutitia kidogo, nyufa hutokea katika chokaa, ambayo huzibika kwa urahisi, wala si katika jiwe. Tena, ina vitundu vidogo vingi. Maji yanayopanda kutoka ardhini, au mvua inayopenya, hutoka nje kama mvuke kupitia viungo vya mawe. Ndiyo maana husemwa kwamba ukuta wa namna hii unapumua.

Saruji ina tabia tofauti. Ni ngumu, haibebi mvuke vizuri, na hujipasua nyufa nyembamba. Maji huingia katika nyufa hizo, lakini hayapati njia ya kutoka. Unyevu hurundikana nyuma ya lipu na hupanda juu zaidi, mahali ambapo saruji imeishia. Ukibeba chumvi, chumvi hiyo hugeuka kuwa chembe ngumu ndani ya jiwe na kulivunja polepole. Mwishowe lipu hubanduka kwa mabamba, ikitoka na uso wa jiwe. Mtu huona ubora wa saruji kwa miaka michache, kisha huona jiwe lenyewe likiwa unga.

Dalili hutambulika bila mashine. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: sauti ya uwazi huashiria kwamba lipu imejitenga. Tazama pia unga mweupe wa chumvi, rangi inayofanya mapele, na mstari wa unyevu juu ya ukingo wa saruji.

Matengenezo sahihi huanza kwa kutafuta chanzo cha maji: paa linalovuja, mfereji uliovunjika, au udongo uliorundikwa hadi juu ya msingi. Chokaa haiponyi paa bovu. Kisha saruji huondolewa kwa nyundo na tindo ndogo, taratibu, na ukuta huachwa ukauke. Mafundi huanza na kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi, huloanisha ukuta, na hupaka safu nyembamba, kila moja ikingoja ile ya kwanza ishike. Jua kali likikausha safu haraka, hubaki unga. Basi hufunikwa kwa magunia yenye maji. Mwisho hupakwa chokaa nyepesi badala ya rangi ya mafuta, kwani rangi hiyo nayo huziba pumzi ya ukuta.

Hapa Kamsamba hatuna matumbawe, lakini tuna nyumba za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Kanuni ni ile ile: kiungo kiwe laini kuliko tofali, na maji yapate njia ya kutoka. Saruji ina mahali pake, katika majengo yaliyojengwa kwa saruji. Kwa hiyo, kabla fundi hajafungua mfuko, twamwomba kila mwenye nyumba ya zamani aukwangue ukuta wake na kuuliza: hii ilijengwa kwa nini?